Askari Aliyeachwa Peke Yake

Mtambo wa kusaga mawe haukujua Jumapili. Sisi tulirudi kutoka misa, tukavua viatu, tukala, na wenyewe uko kulekule bondeni unapiga, du, du, du, tangu kabla sijazaliwa. Nilikuwa nimeuzoea hata nikawa siusikii, ila saa nane za mchana, jua linapokaa juu ya mabati na watu wote wamenyamaza. Hapo ndipo ulipokuja sikioni, na kope zangu zikawa nzito, na kibaraza cha baba kikaanza kuelea kama kitu ninachokiota. Mpaka leo nikilala mchana, nausikia. Nimeshawaambia wajukuu wasiniamshe saa hizo, hawasikii, watoto wa siku hizi wana masikio ya mapambo.

Baba alikuwa dresa katika hospitali ya mgodi, huku Geita. Alivaa kaptura nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe, na kiunoni alifunga ufunguo mmoja tu: wa kabati la sumu. Kabati lile lilikuwa na chupa za lebo nyekundu, na hakuna aliyeligusa ila yeye na daktari. Alikuwa na msemo wake aliowasumbua nao wanafunzi wake wote wa kufunga vidonda: "Soma lebo. Hata chupa uliyoishika jana, isome leo." Nyumbani nako alitusumbua nao. Mama akiomba chumvi, baba anaitazama kwanza.

Sataranji alifundishwa na daktari Mhindi, mtu mpole mwenye kikohozi, walipokuwa wakisubiri majeruhi waletwe kutoka shimoni. Daktari alipohamishwa alimwachia baba kete zake na ubao wake. Mnara mmoja ulikuwa umepotea, basi baba akaweka kizibo cha chupa ya dawa mahali pake, na kizibo kile kikapigana vita vyote kwa uaminifu. Kwa kuwa Mungu hakumpa mtoto wa kiume mwenye subira, alinifundisha mimi. Nilikuwa nimekwisha toka shule ya masista, nafundisha darasa la pili, na nisijisifu bure, baada ya miaka michache baba alikuwa ananishinda kwa jasho.

Sasa ulipofika wakati wangu wa kuposwa, baba akaleta vituko. Kwa kawaida ya watu, kijana anatuma mshenga, mshenga anakaa na wazee, maneno yanakwenda na kurudi. Baba akasema mshenga hakanyagi kwake mpaka kwanza kijana mwenyewe aje waketi mbele ya ubao.

Mama alishika kichwa. Yeye alitoka upande wa Mhunze, Msukuma wa kweli, na kwao mkwe hukaa mbali, hukuti wanatazamana usoni kama wauza samaki. "Bhebhe!" alimwambia baba, yaani "Wewe!" kwa Kisukuma. "Unataka kupigana na mkweo kabla hajawa mkweo?"

"Sitaki anishinde," baba akajibu. "Nataka nione anavyotazama."

Na mtego wake ulikuwa mmoja. Nitaueleza taratibu, maana kisa chote kimekaa juu yake.

Baba alicheza kete nyeupe, kama mwenye nyumba. Upande wa malkia wake, askari wa pili kutoka pembeni analindwa na askofu mmoja tu. Baba alimtoa askofu huyo akampeleka mbali, kana kwamba amesahau, na askari akabaki peke yake. Malkia wa mgeni yuko ng'ambo, katika mstari uleule, njia wazi kabisa. Anakuja, anakula, bure. Lakini kabla ya hapo baba alikuwa amefanya kitu kidogo sana: amemsogeza askari wa pembeni kabisa hatua moja. Nani atakitazama kijiaskari cha pembeni? Malkia akishakula, farasi wa baba aliyekuwa jirani anaruka pembeni na kumtisha. Malkia atoke aende wapi? Akitaka kurudi alikotoka, mraba ule unatazamwa na farasi huyohuyo. Akitaka kusimama katikati ya njia, hatua mbili tu nyuma, kile kijiaskari cha pembeni kinamngoja. Kwingineko kote kuna mnara, kuna malkia mwenzake, kuna farasi wa pili. Amekwisha. Ameuzwa kwa askari mmoja.

"Yule ana sumu," baba alizoea kusema, akiugonga ule ufunguo wa kiunoni kwake.

Wachumba wawili walikufa pale. Wa kwanza karani, wa pili fundi wa umeme, wote mabingwa wa drafti. Na drafti ya kambini, kila mtu anajua, kula ni lazima. Ukiacha kula, kete yako inaondolewa na watu wanakucheka. Mikono yao ilikuwa imezoea. Yule fundi wa umeme alimla askari hata baba hajaondoa vidole kwenye askofu, akasema, "Hii zawadi, mzee!" Baba akamshukuru. Baada ya dakika chache kijana amekaa hana malkia, anatazama ubao kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake. Sikusikitika. Huyo wa pili alikuwa ananukia marashi mpaka chai ikabadilika ladha.

Wa tatu ndiye niliyemtaka.

Alikuwa seremala wa mgodi, Msumbwa wa Ushirombo, kazi yake kuchonga magogo ya kuegemezea paa la mashimo. Mtu wa maneno machache, penseli sikioni. Aliwahi kuletwa miezi miwili kutengeneza madirisha ya hospitali, na wakati wa mapumziko baba akamfundisha kete zinavyokwenda. Pale hospitalini palikuwa na mzee mmoja aliyekatwa mguu, na gongo alilopewa lilikuwa refu, linamchoma kwapani. Hakuna aliyemwagiza seremala. Alimwendea, akampima mara mbili, akalikata, akalifunga kitambaa juu. Mimi nilikuwa nimempelekea baba chakula, nikaona. Nilirudi nyumbani nikapita mlango wetu, nikaenda mpaka kwa jirani ndipo nikashtuka.

Basi nilimpenda, nisizunguke mbuyu. Na nilikuwa na hofu. Jumamosi, siku moja kabla ya mchezo, tulikutana nje ya kanisa, watu wamejaa, nina nafasi ya sentensi mbili. Mimi, mwalimu, niliyewachapa watoto kwa kukariri jedwali bila kuelewa, nikamwambia hivi: "Baba akimwacha yule askari wa pili kutoka pembeni, usimguse. Hata iweje, usimguse."

"Kwa nini?" akauliza.

"Wewe usimguse tu."

Akaitikia kwa kichwa. Nikaenda zangu nimeridhika, najiona mjanja kuliko wanawake wote wa Geita.

Jumapili akaja. Shati jeupe, penseli ameisahau sikioni. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, kaa." Mama akajificha ndani akiomba rozari, nafikiri kwa nia ya kutuombea wote wazimu utuishe. Mimi nilikaa mlangoni na bakuli la mchele, nachambua. Kutoka pale niliuona ubao wote. Jua lilipita kwenye matundu ya pazia la matete, likawaangukia wale wafalme na askari vidoa vidoa, na kila upepo ulipopita vidoa vilitembea, hata nikaona kama kete zinakwenda zenyewe polepole, hazihitaji mtu. Bondeni du, du, du. Harufu ya karboliki, ile dawa ya kuoshea vidonda, kutoka mikononi mwa baba. Nilichambua punje zilezile mara tatu.

Seremala alicheza vizuri. Alimweka mfalme wake pembeni mapema, akamfungia nyuma ya askari watatu. Malkia wake akatoka, akakaa katika mstari ule. Baba akamshika askofu wake, akafikiri kidogo, akampeleka mbali.

Askari akabaki peke yake.

Seremala hakumaliza hata pumzi moja. Akachukua mnara, akausogeza kwingine. Moyo wangu ukaruka kwa furaha. Nikamtazama baba nikitegemea ashangae, aseme "Alaa!" Badala yake aliinua macho, akanitazama mimi. Hakukasirika. Angekasirika ningejua la kufanya. Alinitazama kama anavyomtazama mgonjwa aliyekunywa dawa ya jirani.

Mchezo ukaendelea, mrefu, baba akashinda kwa askari mmoja mwishoni kabisa. Seremala akasimama, akasema asante, akaaga. Alipopita mlangoni alinitupia jicho la mtu aliyetimiza alichoagizwa. Masikini.

"Huyo hapana," baba akasema.

Nilidhani ninaota. "Baba! Hakumla!"

"Hakumla. Na hakumtazama." Akaanza kuzirudisha kete, kisha akaacha, akazipanga upya kama zilivyokuwa mara tu baada ya askofu kuondoka. Baba alikumbuka michezo yake yote. "Njoo. Wewe una macho. Tazama."

Nikaweka bakuli chini. Nikatazama. Askofu hayupo, ndiyo. Askari peke yake, ndiyo. Farasi yuko tayari kuruka, ndiyo. Halafu jicho likafika pembeni kabisa mwa ubao, likakwama pale.

Askari wa pembeni alikuwa nyumbani kwake. Hakuwa amesogezwa.

Nikafuata kwa kidole bila kugusa. Malkia wa seremala anakula. Farasi anaruka, anamtisha. Malkia anarudi hatua mbili tu, katikati ya njia, na pale hakuna wa kumshika, na tena kutoka pale anamtisha mfalme wa baba ambaye bado amesimama wazi katikati. Baba analazimika kumkinga mfalme kwanza. Malkia anarudi upande wake salama, na askari mkononi. Mnara ukija badala ya farasi, anatoka kwa pembeni. Na mfalme wa seremala wakati huo wote? Amejifungia, hana shida na mtu. Baba alinifundisha maswali mawili tu kwa chakula cha bure: malkia atatokaje, na mfalme atakuwa na hali gani malkia akiwa safarini. Nikayauliza yote mawili. Yakajibiwa vizuri.

"Hana sumu," nikasema.

"Hana."

"Ulisahau kumsogeza wa pembeni?"

Baba akacheka kidogo, kicheko cha kuchoka. Kisha akasema neno ambalo nimelibeba maisha yangu yote. "Nilimwachia. Nilimwona na lile gongo la yule mzee. Nikasema huyu nitampa, atakula, atafurahi, nami nitaona furaha yake kabla sijamwona mshenga. Wewe umemfundisha kuniogopa."

Nilitaka kulia, lakini mimi nikitaka kulia huwa napandisha hasira kwanza. "Na nani alitufundisha sisi?" nikamjia juu. "Miaka yote unaweka sumu, unaweka sumu, halafu siku moja unaweka sukari na hakuna lebo! Tungejuaje?"

Mama akatoa kichwa dirishani, rozari mkononi, amepigwa na butwaa. Kwetu mtoto wa kike hakumwambia baba maneno yale. Nilingoja kofi. Baba akakizungusha kile kizibo cha chupa katikati ya vidole, muda mrefu, mpaka kivuli cha pazia kikahama kutoka ubao kwenda sakafuni.

"Lebo ilikuwapo," akasema mwishowe. "Yule wa pembeni ndiye lebo." Akasimama. "Jumapili ijayo aje tena. Mara moja tu. Na wewe ukifungua mdomo, nitajua."

Wiki ile sijui nilifundisha nini. Nilipita njia ya nyuma ili nisikutane naye. Alipokuja shuleni kwa kisingizio cha kutengeneza dawati, nilimtumia salamu kwamba Jumapili anaitwa, na kwamba safari hii sina la kumwambia. Nilimwona kupitia dirishani amesimama na nyundo, anafikiri. Watoto walisoma kwa sauti, sauti zikaniosha kama maji ya uvuguvugu, na yeye akaondoka kwenye mwanga ule mweupe wa vumbi, hatua moja, hatua moja, mpaka nikawa sijui kama ni mtu au ni mti. Usiku sikulala, mchana nilisinzia. Niliona askari mmoja amesimama peke yake katika uwanja mpana, na mimi namwendea, na kila nikifika ananiuliza, "Umetazama?"

Baadaye sana ndipo nilijua alivyoitumia wiki yake. Alichora miraba kwa mkaa juu ya ubao wa kisanduku. Kete alizikata katika mabaki ya mninga, farasi wake wote wakafanana na mbuzi. Akaupanga ule mchezo wa Jumapili, kwa kuwa seremala husahau maneno lakini hasahau vitu vilivyokaa wapi, akakaa nao kila jioni akitoka kazini. Hakumuuliza mtu.

Jumapili ya pili joto lilikuwa kali zaidi. Sikukaa na mchele, ningeumwaga. Nilikaa mlangoni mikono mapajani, midomo nimeifunga mpaka inauma. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, kaa." Kete zikaenda kama wiki iliyopita, karibu zilezile. Mfalme wa seremala akajifungia. Malkia akatoka. Na katikati ya hayo, kwa vidole viwili, kama anayefuta vumbi, baba akamsogeza yule wa pembeni hatua moja.

Nikafumba macho. Nilijua sasa baba anafanya nini. Na nilijua seremala, kama ni mtu anayejutia, atakula leo alichokiacha juzi. Ndivyo watu wengi tulivyo. Niliposikia mguu wa askofu ukigusa ubao mbali, nikafumbua.

Askari peke yake.

Seremala akaweka mikono chini ya meza. Akatazama. Mtambo ukapiga, sikuuhesabu. Inzi akatembea juu ya mfalme mweupe, akashuka, akapanda tena. Kuku wa jirani akaingia kibarazani, akatutazama sote, akatoka. Seremala akainamisha kichwa usawa wa ubao, jicho moja amelifumba, kama anavyotazama mbao kujua kama imenyooka. Jicho likatoka kwa yule askari, likaenda pembeni, likarudi. Sikumwonea baba hasira tena, wala sikumhofia. Nilitamani tu mchana ule usiishe, tukae vile watu watatu na ubao.

Kisha seremala akaondoa penseli sikioni, akaielekeza kwa yule askari wa pembeni bila kumgusa.

"Mzee," akasema, "huyu ametoka nyumbani. Nikimla yule, malkia wangu harudi. Leo ana sumu." Akairudisha penseli sikioni. "Yule wa Jumapili ile ndiye aliyekuwa wangu. Ulinipa, nami sikupokea. Naomba unisamehe."

Baba aliondoa miwani, akaipangusa kwa pindo la shati, akaivaa, na bado macho yake yalikuwa na maji. Halafu akafanya jambo ambalo kanuni za sataranji hazimruhusu mtu yeyote kulifanya. Alinyoosha mkono, akamshika yule askari wa pembeni, akamrudisha nyumbani kwake.

"Haya, mwanangu," akasema. "Sasa kula."

Mama ndani aliacha kuomba. Mimi machozi yalikuwa yanatiririka na sikuyafuta. Na seremala wangu, baada ya yote hayo, hakunyoosha mkono mara moja. Aliinama tena, akatazama ubao wote upya, kona kwa kona, na baba akamngoja.